Jinsi Kompyuta Inavyojifunza Kwamba 😭 Ni Kilio, na Pia Ni Kicheko

Kwa kompyuta, 😭 si uso wala machozi. Ni alama iliyosajiliwa kwa namba U+1F62D katika orodha ya kimataifa ya herufi na alama iitwayo Unicode. Ule uso wa njano huchorwa na simu mwishoni, kwa ajili ya macho ya binadamu. Modeli inayojifunza lugha kutokana na maandishi haiuoni kabisa. Inachopewa ni alama moja iliyokaa katikati ya maneno, na kama alama hiyo ina maana yoyote, itabidi maana hiyo itafutwe kwenye maneno jirani.

Wazo la kutafuta maana kwa majirani lilikuwapo kabla ya simu za mkononi. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alilitetea katika maandishi yake ya mwaka 1957: neno hujulikana kwa maneno linayoandamana nayo. Mwaka 2013 Tomas Mikolov na wenzake wa kampuni ya Google walitoa programu ya word2vec, iliyoligeuza wazo hilo kuwa hesabu nyepesi inayoweza kufanywa juu ya mamilioni ya sentensi. Programu hiyo haijali kama kinachosomwa ni neno au emoji. Vyote huingia kwa mlango mmoja.

Kazi huanza kwa kumpa kila mmoja, neno na emoji, orodha yake ya namba, kwa kawaida mia moja hadi mia tatu. Mwanzoni namba hizo huwekwa ovyo, bila maana yoyote. Kisha modeli hupitia maandishi hatua kwa hatua. Ikifika kwenye emoji, hutazama maneno machache ya kushoto na kulia, tuseme matano kila upande, na kujaribu kukisia kama maneno hayo kweli yanakaa na emoji hiyo.

Chukua ujumbe huu: “nimecheka mpaka mbavu zinauma 😭”. Ili hesabu ionekane, tuseme kila orodha ina namba mbili tu. Emoji ina 0.1 na 0.2, neno “mbavu” lina 0.3 na -0.1. Modeli huzidisha namba ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, kisha hujumlisha: 0.03 ukitoa 0.02, unabaki na 0.01. Jibu lililo karibu na sifuri lina maana kwamba modeli haina uhakika. Inaona uwezekano wa wawili hawa kukaa pamoja kuwa kama nusu kwa nusu. Lakini ujumbe uko mbele yake na unaonyesha wazi kwamba wamekaa pamoja. Kwa hiyo namba husahihishwa: kila orodha huongezewa sehemu ya orodha ya mwenzake. Tukichukua robo, emoji inakuwa na 0.175 na 0.175, na “mbavu” inakuwa na 0.325 na -0.05. Ukirudia hesabu unapata takriban 0.048. Wawili hao wamesogeleana. Katika kazi halisi hatua huwa ndogo zaidi ya hiyo, lakini hurudiwa mara nyingi mno.

Kusogeza karibu peke yake hakutoshi, maana mwishowe kila kitu kingerundikana mahali pamoja. Ndiyo maana kwa kila jirani wa kweli modeli huokota pia maneno mengine kwa bahati nasibu, kwa mfano “saruji” au “bunge”, na kuisukuma emoji mbali nayo. Kuvutwa huku na kusukumwa kule ndiko kunakoipa kila alama makazi yake.

Mafunzo yakiisha, mtu anaweza kuuliza: nani anakaa karibu na nani? Emoji ya 😂 nayo huandikwa baada ya “nimecheka” na “mbavu”. Kwa sababu hiyo itajikuta jirani na 😭 hata kama hazijawahi kutokea pamoja katika ujumbe mmoja. Yatosha kwamba zina majirani wale wale. Hapa ndipo njia hii inapozidi kamusi. Jina rasmi la 😭 katika Unicode linazungumzia uso unaolia kwa sauti, na mtu anayelifuata jina hilo peke yake hawezi kujua kwamba vijana huitumia wanapovunjika mbavu. Modeli hulijua hilo bila kuambiwa.

Lakini zipo pia jumbe kama “poleni sana kwa msiba 😭” na “tutamkumbuka daima 😭”. Emoji ina orodha moja tu ya namba, na orodha hiyo huvutwa upande wa msiba na upande wa kicheko kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni kuishia katikati, mahali ambapo si kilio wala kicheko. Dalili yake ni rahisi kuiona: ukiomba majirani kumi wa karibu wa 😭, unapata 😂 na 💔 katika orodha moja. Na jirani anayetawala huamuliwa na maandishi yaliyosomwa. Modeli iliyofunzwa kwa mazungumzo ya vijana ikipelekwa kusoma salamu za rambirambi inaweza kuhesabu majonzi kuwa mzaha, na hilo ni kosa zito.

Modeli za baadaye, kama BERT ya mwaka 2018, zililipunguza tatizo hilo. Bado kila alama huanza na orodha yake, ila orodha hiyo hubadilishwa upya ndani ya kila sentensi kwa kuchanganywa na maneno yaliyopo hapo. Hivyo 😭 ya “msiba” na 😭 ya “mbavu” hutoka zikiwa na namba tofauti. Ujumbe wenye emoji hiyo peke yake, bila neno lolote, hubaki kuwa fumbo kwa modeli, isipokuwa ipewe pia mazungumzo yaliyotangulia.

Makosa mengine hutokea kabla mafunzo hayajaanza. Programu nyingi za kusafisha maandishi huondoa kila kisicho herufi, na emoji hupotea hapo hapo. Watu pia huandika 😭😭😭😭😭😭, na dirisha la maneno matano likajaa emoji yenyewe. Ujumbe ukiishia hapo, ile ya mwisho haipati neno lolote la kujifunza kwalo. Dawa ni kupunguza mfululizo huo ubaki na alama moja au mbili. Emoji ya rangi ya ngozi, kama 🙏🏾, kwa ndani ni alama mbili: mikono, U+1F64F, na rangi, U+1F3FE. Ikikatwa vibaya, rangi inasomwa kama neno linalojitegemea.

Kiswahili kina ugumu wake hapa. “Nimecheka”, “tumecheka” na “wamecheka” ni maneno matatu tofauti kabisa kwa word2vec, kwa hiyo ushahidi wa kicheko hugawanyika vipande vipande. Programu ya fastText, iliyotolewa na watafiti wa Facebook mwaka 2016, hulikata neno katika vipande vya herufi, na kipande “cheka” hupatikana katika yote matatu. Kwa anayetaka kufunza modeli ya emoji kwa jumbe za Kiswahili, hiyo ni njia nzuri ya kuanzia kuliko word2vec.