Ukali wa Mlima Husomwa Kwenye Ramani

Dereva anayepandisha lori kutoka Mombo kwenda Lushoto huujua ukali wa mlima kwa kuisikia injini. Mwenye ramani ya kontua anaweza kuujua kabla hajatoka nyumbani. Anahitaji rula, uzi na hesabu ya kugawanya, lakini kuna mahali ambapo wengi hukosea, na barabara hii ya Usambara inapaonyesha vizuri.

Kontua ni mstari unaounganisha sehemu zote zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Kabla ya kupima chochote, tazama maelezo ya pembeni mwa ramani ujue kontua moja inapishana na ya pili kwa mita ngapi. Tuseme ni mita 20. Kontua zilizokozwa wino huandikwa kimo chake, kwa hiyo anzia kwenye mojawapo, kisha hesabu hadi ufike mahali unapopataka. Ikiwa mahali hapo pako katikati ya kontua ya mita 700 na ya mita 720, kadiria kimo chake kuwa mita 710.

Mombo iko chini ya milima, kwenye kimo cha mita 400 na kidogo. Lushoto iko juu, karibu mita 1,400. Tofauti ya vimo ni kama mita 1,000. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya hesabu.

Nusu ya pili ni umbali, na hapa ndipo penye mtego. Ukiweka rula kutoka Mombo hadi Lushoto kwenye ramani ya 1:50,000, utapata sentimita kama 22. Kila sentimita ni mita 500 ardhini, kwa hiyo umepata kilometa 11. Gawanya mita 1,000 kwa mita 11,000: jibu ni 1:11, yaani asilimia 9. Ingekuwa hivyo, malori yangepata taabu kubwa njia nzima. Lakini barabara haipiti pale ilipopita rula. Inazungukazunguka kwenye miteremko, inapitia Soni, na urefu wake ni kilometa zipatazo 33.

Kwa hiyo acha rula, chukua uzi. Ulaze juu ya barabara, uufuatishe kona baada ya kona, kisha unyooshe na uupime. Utapata sentimita kama 66. Zidisha kwa 500, ni mita 33,000. Sasa gawanya: 1,000 kwa 33,000 ni 1:33. Maana yake, kwa kila mita 33 unazosonga mbele, unapanda mita moja. Kwa asilimia, ni kama 3. Mlima ni uleule na vimo ni vilevile. Kilichobadilika ni umbali tu.

Huenda mtu akauliza: ramani hupima umbali wa bapa, ilhali gari linapanda, je, hesabu haiharibiki? Katika safari hii, tofauti kati ya umbali wa bapa na ule wa kwenye mwinuko ni kama mita 15 tu katika kilometa 33. Upana wa uzi wenyewe unakosea zaidi ya hapo.

Hata hivyo, 1:33 ni wastani, na wastani huficha sehemu kali. Barabara hii hupanda zaidi kati ya Mombo na Soni kuliko baada ya Soni. Ili kuzijua sehemu hizo, tafuta mahali ambapo barabara inakatiza kontua zilizobanana, upapime peke yake. Tuseme kipande cha sentimita 2 kinaanzia kwenye kontua ya mita 700 na kuishia kwenye ya mita 780. Sentimita 2 ni mita 1,000, na kimo kimepanda mita 80. Mwinuko wake ni asilimia 8. Angalia usihesabu mistari badala ya nafasi: hapo mistari ni mitano, lakini nafasi ni nne. Anayezidisha tano kwa 20 anapata mita 100, na mlima unazidi ukali usiokuwa nao.

Kuna na hatari ya ramani iliyotolewa kopi. Kopi ikikuzwa au kupunguzwa, maandishi ya 1:50,000 hubaki palepale ingawa si kweli tena. Hapo tumia kipimio cha mstari kilichochorwa chini ya ramani, kwa sababu chenyewe hukua na kupungua pamoja na ramani.

Kumbuka pia kwamba kontua za mita 20 hazionyeshi kila kitu. Kilima kidogo kinaweza kukaa chote kati ya kontua mbili bila kuonekana. Anayetaka kujenga barabara lazima aende na vipimo vyake ardhini. Anayetaka kupanga safari atatosheka na ramani na uzi, mradi auzungushe uzi huo kila kona.