Kila Shilingi na Mstari Wake

"Tunaomba shilingi 5,000,000 ili kuwafundisha wanachama wetu 25 ufugaji nyuki wa kisasa kwa siku 3, pamoja na chakula, usafiri, mkufunzi kutoka wilayani, vifaa vya kuandikia na mizinga ya kuanzia."

Tuchukue kwamba aya hiyo ni ya kikundi kimoja cha kijijini. Mfadhili akiisoma ataelewa wanachotaka kufanya, ila hataweza kujua milioni tano zimepatikanaje. Anachohitaji ni mchanganuo wa bajeti: kila gharama kwenye mstari wake, ikiwa na kipimo, idadi, bei ya kimoja, jumla na sababu.

Kazi inaanza kwa kalamu. Pigia mstari kila neno linalodai fedha. Chakula, usafiri, mkufunzi, shajala na mizinga vinaonekana mara moja. Kisha rudi kwenye vitenzi, kwa maana huko ndiko gharama hujificha. "Kuwafundisha" kunahitaji mahali pa kukaa, na mkufunzi anayetoka wilayani atahitaji nauli na pa kulala. Ufugaji nyuki haufundishwi ubaoni pekee, kwa hiyo zinahitajika nguo za kinga na mabomba ya moshi, ingawa aya haikuvitaja kabisa.

Sasa uliza bei. Kwa mizinga na nguo, omba ankara kifani kwa wauzaji wawili au watatu. Kwa chakula, zungumza na mama lishe atakayepika. Bei zilizo hapa chini ni za mfano tu.

| Gharama | Kipimo | Idadi | Mara | Bei (Sh) | Jumla (Sh) |
|---|---|---|---|---|---|
| Chai na mlo | mtu kwa siku | 27 | 3 | 8,000 | 648,000 |
| Malazi ya mkufunzi | usiku | 1 | 3 | 40,000 | 120,000 |
| Mizinga | mzinga | 20 | 1 | 90,000 | 1,800,000 |
| Nguo za kinga | seti | 5 | 1 | 85,000 | 425,000 |
| Mabomba ya moshi | bomba | 5 | 1 | 35,000 | 175,000 |

Ujira na nauli ya mkufunzi, nauli za wanachama, ukumbi na shajala vinaongeza 662,500, na jumla kuu inafika 3,830,500.

Safu ya "mara" ndiyo inayosahaulika zaidi. Ukizidisha watu 27 kwa 8,000 pekee unapata 216,000, chakula cha siku moja, na siku ya pili jikoni hakuna kitu. Usomee kila mstari kwa sauti: watu 27, siku 3, shilingi 8,000. Kama kipimo kimeandikwa "jumla" tu, mstari huo bado haujavunjwa.

Inabaki safu ya sababu, na hapa wengi huandika "chakula ni muhimu kwa washiriki". Sentensi hiyo haimsaidii msomaji, kwa sababu haielezi kwa nini ni 27 wala kwa nini ni 8,000. Andika hivi: "Wanachama 25, mkufunzi 1 na mratibu 1, kwa siku 3, bei imetolewa na mama lishe wa kijijini."

Kuandika sababu kunamkagua hata mwandishi. Jaribu mizinga: wanachama watagawanyika katika makundi 5, kila kundi litunze mizinga 4, basi 20. Imekaa sawa. Jaribu nguo: seti moja kwa kila kundi. Lakini mzinga hufunguliwa na watu wawili, mmoja akipuliza moshi na mwenzake akiinua masega, na nyuki hawamchagui wa kumuuma. Seti 5 hazina utetezi. Zinahitajika 10, kwa 850,000, na jumla kuu inapanda hadi 4,255,500.

Bado haijafika milioni tano. Kishawishi ni kupandisha bei ya mzinga hadi hesabu ikubali, na mtathmini anayejua soko ataigundua mapema, kisha ataishuku mistari mingine yote. Kinachopaswa kubadilishwa ni ile aya: ombi liwe la 4,255,500.

Na mfadhili akisema ana 3,700,000 tu? Mwenye aya pekee angekata kidogo kila mahali, hadi chakula kipungue na nguo zipungue. Mwenye mchanganuo anaweza kuondoa kundi moja zima: mizinga 4, nguo seti 2 na bomba 1, yaani 565,000. Wanachama wote 25 wanafundishwa vilevile, sasa wakiwa katika makundi manne yenye mizinga 16, na bajeti inashuka hadi 3,690,500.