Mzigo Mkubwa Barabarani: Kwa Nini Kona Hupimwa Kwanza

Jenereta haligawanyiki likapakiwa katika malori mawili. Tuchukue mfano wa jenereta la tani 60: likibebwa na lori na tela vyenye jumla ya tani 30, uzito wote hufikia tani 90, ilhali kikomo cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ni tani 56. Kwa sababu hiyo, msafirishaji hulazimika kupata kibali maalumu.

Kabla ya kibali kutolewa, njia nzima hupimwa. Hukaguliwa kimo cha nyaya za umeme, uwezo wa madaraja na makalavati, na upana wa kona. Katika barabara za miinuko ya Uluguru, kama ile ya Bigwa kuelekea Kisaki kupitia Matombo, kona ndiyo kikwazo kikubwa. Magurudumu ya nyuma ya tela refu hayafuati nyayo za yale ya mbele, bali hukata kuelekea ndani ya kona. Kibanda kilichopo hapo huweza kugongwa ingawa kichwa cha lori kimekwishapita salama. Kona isipotosha, hutafutwa njia nyingine, hata ikiwa ndefu zaidi.

Siku ya safari, gari la kusindikiza lililo mbele husimamisha magari yanayokuja, na la nyuma huzuia yanayotaka kupita. Mwananchi aonapo gari la mbele, aondoke konani, wala asirudi mpaka gari la nyuma lipite.