Mwalimu wa Darasa la Pili Anapokwenda Likizo ya Uzazi

Barua hufika nyumbani imekunjwa ndani ya daftari. Juu kuna jina la shule, halafu "Ndugu Mzazi/Mlezi", halafu "Yah: Mabadiliko ya mwalimu wa darasa". Mistari miwili inayofuata inasema mwalimu hatakuwepo kwa sababu zisizozuilika, nafasi yake itachukuliwa na mwalimu mwingine, na wazazi wanaombwa ushirikiano. Saini, muhuri, basi. Mzazi anaimaliza bila kujua mabadiliko yanaanza lini, mwalimu mpya ni nani, wala kama yule wa zamani atarudi.

Katika shule za msingi za Tanzania, uzito wa barua hiyo unategemea darasa. Mwalimu wa darasa la sita huita mahudhurio na kufundisha somo moja au mawili. Akiondoka, walimu wengine wa masomo wanabaki palepale. Darasa la pili ni habari nyingine. Huko mara nyingi mwalimu mmoja ndiye anayebeba kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK tatu, na ndiye anayejua nani bado anachanganya "mba" na "mbwa".

Likizo ya uzazi ni mojawapo ya sababu za kawaida za mabadiliko haya, na ndiyo inayoonekana mapema kuliko zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku zisizopungua 84 zenye malipo, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Sheria hiyohiyo inamtaka amjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Kwa hiyo shule ina muda wa kutosha kujipanga, na wazazi hawastahili kupata taarifa Ijumaa kwa jambo linaloanza Jumatatu.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayeanza likizo Jumatatu, tarehe 3 Agosti 2026. Siku zake 84 zinaisha Jumapili, tarehe 25 Oktoba. Barua nzuri inaweza kuandikwa mwanzoni mwa Julai, kwa maneno mepesi: "Mwalimu wa darasa la II atakuwa likizo ya uzazi kuanzia tarehe 3 Agosti hadi tarehe 25 Oktoba. Mwalimu atakayemshikia nafasi ataanza kuingia darasani pamoja naye tarehe 20 Julai. Ratiba ya vipindi haitabadilika. Wazazi wanakaribishwa kuonana na walimu wote wawili Ijumaa, tarehe 24 Julai, saa nane mchana." Majina ya walimu yaandikwe, pamoja na namba ya simu ya shule. Sababu itajwe tu kama mwenyewe ameridhia. Vinginevyo neno "likizo" linatosha, na kama ni mgonjwa, ugonjwa wake si habari ya kupelekwa majumbani.

Zile wiki mbili za pamoja ndizo moyo wa makabidhiano. Mtoto anaweza kuja mapema kuliko ilivyotarajiwa, kwa hiyo kuacha kila kitu hadi siku ya mwisho ni kujitafutia matatizo. Wiki ya kwanza mwalimu mpya anakaa nyuma, anasikiliza watoto wakisoma mmoja mmoja. Wiki ya pili anafundisha yeye, mwenzake akiwa pembeni. Mbele ya mwalimu mkuu au mwalimu wa taaluma hukabidhiwa rejista ya mahudhurio, azimio la kazi linaloonyesha mada iliyofikiwa, na alama za majaribio.

Alama peke yake hudanganya. Mtoto mwenye 40 katika kusoma anaweza kuwa hajui silabi, au anazijua vizuri ila haoni ubao kutoka dawati la nyuma. Kinachookoa wakati ni orodha fupi ya mkono: nani yuko kwenye herufi, nani kwenye silabi, nani anasoma sentensi, nani ana pumu au selimundu, nani huchukuliwa na bibi badala ya mama. Bila orodha hiyo, darasa la watoto 60 linaweza kumla mwalimu mpya mwezi mzima akitafuta yaliyokuwa yanajulikana tayari.

Mzazi anaweza kugundua mapema kama makabidhiano yalifanyika. Afungue madaftari katikati ya Agosti. Kama mtoto aliyekuwa akisoma hadithi fupi amerudishwa kunakili herufi, au mada iliyokwisha Juni inaanza upya, aende shuleni kumwona mwalimu mkuu. Asimpigie aliye likizo. Mama huyo ana mtoto mchanga, na kundi la WhatsApp la darasa linapaswa kuwa limeshapata msimamizi mwingine.

Jambo linalosahaulika zaidi ni marejeo. Tarehe 26 Oktoba mwaka wa masomo unakuwa umebakiza wiki chache, na upimaji wa darasa la pili uko karibu. Shule iamue mapema: ama mwalimu wa awali anachukua tena darasa lake kwa makabidhiano ya pili yenye orodha mpya ya usomaji, ama aliyeshika nafasi anamalizia mwaka na mwenzake anamsaidia kwa wanaosuasua. Uamuzi huo uandikwe katika barua ileile ya Julai, ili mtoto akiuliza kama mwalimu wake atarudi, nyumbani wawe na la kumjibu.