"Sawa Mama" Si Makubaliano

Tuchukue mfano wa simu iliyorekodiwa Dar es Salaam. Kodi ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka 250,000, zilipwe za miezi sita kwa mkupuo. Mpangaji anajibu: "Mama, nina 220,000, ila nilipe miezi mitatu mitatu, na paa linalovuja lizibwe kwanza." Mama anasema: "Ukilipa sita, nitashuka hadi 230,000. Paa tutaliangalia." Mpangaji anaitikia, "Sawa mama," kisha simu inakatwa.

Anayeandika kumbukumbu ya simu hiyo huchora safu mbili, moja kwa kila upande, na kando ya kila sharti huweka dakika lilipotamkwa. Kosa la kawaida ni kuandika "mama: 230,000" na kuacha neno "ukilipa sita". Bei hiyo haipo bila sharti lake: humtaka mpangaji atoe 1,380,000 kwa mara moja, ilhali yeye alikusudia kutoa 660,000.

"Tutaliangalia" huandikwa hivyo hivyo, kwa kuwa haikutaja fundi wala tarehe. Na "sawa mama" huenda ni heshima tu ya kumaliza mazungumzo. Mpangaji hakurudia kiasi wala muda, hivyo mbele ya kodi na paa huandikwa "bado". Siku hiyohiyo, orodha hiyo hutumwa kwa wote wawili kwa ujumbe, kila mmoja athibitishe au asahihishe kauli yake kabla mkataba haujaandikwa.