Kopa Ndani ya Mtihani wa Hisabati

"Karata moja imechomolewa bila kuangalia. Kuna uwezekano gani kuwa ni kopa?" Mtoto aliyekua akiwatazama wakubwa wakicheza karata barazani hapati shida: karata zote ni 52, za kopa ni 13, basi jibu ni robo. Lakini zipo nyumba nyingi ambako karata haziruhusiwi kabisa, kwa kuwa zinahesabiwa kuwa kamari. Mtoto wa huko anaweza kuielewa vizuri mada ya uwezekano na bado akaliacha swali wazi, maana halikumwambia karata ni ngapi wala kopa ni ngapi.

Swali la namna hii linapaswa kukamatwa rasimu inapopitiwa, kabla mtihani haujachapwa. Kwa kila swali mpitiaji hujiuliza mtahiniwa anahitaji kujua nini ambacho hakimo katika muhtasari wa somo. Mfano unaotajwa sana ni wa mtihani wa SAT wa Marekani, ulioliunganisha neno la mpiga makasia na lile la mashindano ya mashua, mchezo wa watu wenye nafasi. Maswali ya aina hiyo ya ulinganishi yaliondolewa mwaka 2005.

Kulirekebisha swali la kopa si kazi kubwa. Mfuko una gololi 52, kati yake 13 ni nyekundu. Imetolewa moja bila kuangalia. Hesabu imebaki ileile na ugumu wake haukuguswa.

Tahadhari ni kwamba mazingira ya kienyeji nayo yana mitego. Ukiuliza timu iliyoshinda mechi 5 na kutoka sare 2 ina pointi ngapi, shabiki wa mpira atajibu 17 papo hapo. Asiyefuatilia mpira, na wasichana wengi wamo, hajui kuwa ushindi ni pointi 3 na sare ni 1. Kanuni hiyo iandikwe ndani ya swali.

Wala si kila kigeni kiondolewe. Mwanafunzi wa Mtwara hajawahi kuona mto wa barafu, lakini kama umo katika muhtasari wa jiografia, ni haki kuulizwa.

Jicho la mpitiaji pekee halitoshi. Maswali yakijaribiwa kwanza kwa wanafunzi, hulinganishwa wale waliopata jumla sawa ya alama, tuseme 60, wa mjini na wa kijijini. Kama uwezo wao unalingana lakini swali moja limewaangusha wa kijijini peke yao, swali hilo lirudishwe mezani. Takwimu haisemi sababu. Watu ndio wanaoitafuta.

Mwalimu anayetunga mtihani wa muhula hana takwimu hizo. Basi ampe rasimu mwenzake aliyekulia mazingira mengine, na amwombe aweke alama kila anapokutana na kitu ambacho swali halijakieleza.