Kitabu Kisicho na Mwaka na Mwaka Usiojulikana

Mwanafunzi wa fasihi ameandika tasnifu yake kwa mtindo wa MLA. Wiki chache kabla ya kuikabidhi, idara inamtaka atumie APA. Orodha yake ya marejeleo, aliyoikusanya kwa muda mrefu, ina mapengo. Tuchukue vitabu vitatu tu:

Hussein, Ebrahim N. *Kinjeketile*. Oxford University Press, 1969.
Kezilahabi, Euphrase. *Rosa Mistika*. 1971.
Robert, Shaaban. *Kusadikika*. Nelson.

Rejeleo la kwanza limekamilika na halisumbui. Majina ya kwanza yanafupishwa kuwa herufi, na mwaka unasogezwa mbele na kuwekwa kwenye mabano:

Hussein, E. N. (1969). *Kinjeketile*. Oxford University Press.

Kabla ya kuendelea, orodha ya MLA ihifadhiwe kwenye faili lake. APA ikishabadilisha "Euphrase" kuwa "E.", jina kamili halipo tena kwenye orodha mpya, na atakayetaka kurudi MLA kesho atalazimika kulitafuta upya.

Kazi yenyewe inaanza kwenye *Kusadikika*. APA inadai mwaka, na mwaka haupo. Wengi hapa huandika "b.t.", yaani bila tarehe, ambayo mwongozo wa APA wenyewe huiandika "n.d.", kisha husonga mbele. Naliona hili kuwa kosa zito kuliko kuacha pengo wazi. Alama hiyo inamwambia msomaji kwamba kitabu kilikaguliwa na hakina tarehe. Mwanafunzi wetu hajakagua chochote. Alichokosa ni kuunukuu mwaka siku alipokishika kitabu, na *Kusadikika* kinajulikana kilitoka mara ya kwanza mwaka 1951.

Kwa hiyo panahitajika alama ya muda, isiyofanana na chochote ambacho mtindo wenyewe unakitumia. Mabano ya mraba mamoja yenye alama ya kuuliza hayafai, kwa sababu katika mtindo wa Chicago [1951?] ni mwaka wa kukisia, na msomaji ataupokea hivyo. Mabano mawili yanafaa zaidi:

Kezilahabi, E. (1971). *Rosa Mistika*. [[MCHAPISHAJI-Rosa]]
Robert, S. ([[MWAKA-Kusadikika]]). *Kusadikika*. Nelson.

Jina la kitabu limewekwa ndani ya alama kwa makusudi. MLA ndani ya matini huandika (Robert 12), lakini APA huandika (Robert, mwaka, uk. 12), hivyo pengo moja kwenye orodha huzaa mapengo kila ukurasa kitabu kilipotajwa. Ikiwa mwanafunzi ametumia pia *Adili na Nduguze* cha mwandishi huyohuyo, na mwaka wake haupo, alama tupu ya [[MWAKA]] haitamwambia ni kitabu kipi kinachozungumziwa. Alama yenye jina hujazwa kote kwa mara moja, kwa amri ya kutafuta na kubadilisha.

Kujaza nako kuna mtego. Mtu hufungua katalogi ya maktaba, akaona 1951, akauandika. Lakini nukuu zake zimetoka kwenye nakala aliyoisoma, na ikiwa hiyo ni ya toleo la baadaye, kurasa zinaweza kuwa tofauti, anayefuatilia uk. 12 kwenye nakala ya 1951 hataikuta sentensi. *Rosa Mistika* nayo imechapishwa zaidi ya mara moja. Toleo la 1971 lilitolewa na East African Literature Bureau, lakini jina hilo lijazwe tu ikiwa ndilo lililo kwenye nakala iliyotumika. Njia ya uhakika ni kurudi kwenye kitabu chenyewe na kusoma nyuma ya ukurasa wa jina. Pale huorodheshwa matoleo na chapa. Chapa mpya ya toleo lilelile haibadilishi mwaka wa kurejelea. Toleo jipya linaubadilisha.

Nakala isipopatikana kabisa, huenda kwa sababu ilikuwa fotokopi isiyo na kurasa za mwanzo, ni afadhali kupata nakala nyingine inayojulikana na kuzihakiki nukuu upya kuliko kubahatisha. Kwa makala ya jarida isiyo na juzuu wala kurasa hali ni nyepesi kidogo, kwani yaliyomo ya matoleo ya zamani huweza kukaguliwa maktabani.

Siku ya kukabidhi, tafuta "[[" kwenye faili zima, matini na orodha. Kila inapojitokeza kuna rejeleo ambalo halijaisha. Zikifika sifuri, panga orodha upya: APA hupanga kazi za mwandishi mmoja kwa mwaka, zile zisizo na tarehe zikitangulia, hivyo vitabu vya Shaaban Robert vilivyokaa kwa alfabeti ya majina vinaweza kubadilishana nafasi miaka ikishajazwa.